Adapta Iliyoogopa Mvuke

Katikati ya ubeti wa pili biti ilikatika masikioni mwa shemeji yangu, kisha ikalipuka kwenye spika ya simu, chumba kizima kikasikia. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya makoti yaliyotundikwa, mdomo wazi kwenye neno ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelihangaikia wiki nzima.

Ni mke wa kaka yangu, na ndiye mpiga pasi mkuu wa duka la udobi tunakofanya kazi. Mimi nafua na kupeleka nguo. Siku hiyo, mapumziko ya mchana, tulikuwa tumejifungia chumba cha nyuma tukirekodi wimbo. Maneno yangu, sauti yake, biti ya bendi moja ambayo kiongozi wake alikuwa ametuma kwa simu. Sharti lake lilikuwa fupi: sauti imfikie kabla ya saa kumi, la sivyo maneno yangu angeyaimba dada mwingine aliyekuwa tayari amekaa studio. Na huyo dada nilikuwa nimemsikia. Anaimba kama anayesoma bei za sabuni.

Chumba cha nyuma tulikichagua kwa sababu nguo zilizotundikwa humeza mwangwi. Ubaya wake ni kwamba kimepakana na mashine ya mvuke, na joto lake unaweza kuivishia yai.

Simu ya shemeji haina tundu la duara la hedifoni. Ina tundu la chaji tu, kwa hiyo hedifoni zake hupitia adapta, kile kimkia kifupi chenye kichwa upande mmoja na tundu la duara upande mwingine. Alikitikisa, biti ikarudi masikioni. Akavuta pumzi aimbe, ikapotea tena. Nilichungulia kioo cha simu: alama ya hedifoni iliyokuwa pale juu ilikuwa imefutika, kana kwamba simu haijawahi kuunganishwa na kitu.

Shemeji akanigeukia. Aliniuliza, kwa ule upole wake unaotisha, jana nilipoazima simu yake niliifanyia nini. Nikamwambia nilipiga simu moja nikairudisha. Akasema ndivyo wasemavyo wote. Nikamwambia amuulize kaka yangu tabia zangu, akajibu kwamba ndiye aliyemwonya.

Bosi wetu, mama mkarimu asiyependa kelele, alituazima zile hedifoni zake zisizo na waya. Shemeji akaimba ubeti mzima. Tuliposikiliza, sauti ilikuwa inaikimbiza biti kama abiria anayekimbilia basi lililokwisha ondoka. Muziki ulikuwa unachelewa kumfikia masikioni, naye anaimba kwa kufuata kilichochelewa. Kuimba bila hedifoni nako hakukuwezekana, maana biti ingetoka kwenye spika na kuingia kwenye rekodi pamoja na sauti. Waya ulihitajika, na waya ulihitaji adapta.

Tukavuka barabara hadi kwa fundi simu. Kibanda chake kina feni kubwa inayopuliza kuanzia asubuhi. Fundi akachomeka adapta, akavaa hedifoni, akaanza kutikisa kichwa kwa raha. Biti safi. Akasema wimbo mzuri, ugonjwa haoni. Shemeji akavaa mwenyewe, akasikia, akanitazama kana kwamba nimemroga. Tukarudi. Hata ubeti wa kwanza haukwisha, kimya.

Safari ya pili tulikwenda mbio, simu ikiwa mfukoni mwa aproni yake pamoja na joto lote la chumba kile, na adapta ikiwa imechomekwa. Fundi akajaribu, kimya. Hapo akawa makini. Akachomoa adapta yake mwenyewe kutoka kwenye droo, akaichomeka kwenye simu ya shemeji, akasubiri. Kimya tena, na alama ya hedifoni haikutokea. Akaweka vitu mezani taratibu, kama daktari anayevua miwani.

"Tundu la chaji limekufa, dada. Niachie, nilibadilishe. Njoo kesho."

Kesho. Saa ya ukutani kwake ilikuwa imepita nane. Damu ikanipanda. Nilimwambia kwamba muda mfupi uliopita tundu hilohilo lilikuwa zima na yeye mwenyewe alicheza, kwa hiyo ama tundu linakufa na kufufuka au yeye anabahatisha. Naye akaniambia, bwana mdogo, ungeendelea na ndoo zako. Ningemjibu vizuri sana, jibu lilikuwa tayari na lilikuwa na vina, lakini shemeji alinishika mkono.

Alikuwa amekwisha nyoosha simu kumpa fundi. Sasa akairudisha kifuani. Namfahamu akiwa na uso ule. Ndio uso wake wa madoa. Shati jeupe likitoka na doa, wengine hulaumu sabuni. Yeye hapigi kelele. Huchukua kitambaa cheupe, akakipitisha kwenye maji peke yake, kisha kwenye pasi peke yake, kisha kwenye meza, mpaka doa limtaje aliyelileta.

"Hiyo adapta yako," akamwuliza fundi, "imewahi kutoa sauti kwenye simu kama yangu?"

Fundi akakuna shingo. Akasema inafanya kazi kwenye simu yake. Shemeji akasema hajauliza hivyo. Ikabidi fundi aeleze, na nampa haki yake, alieleza bila kujitetea. Adapta ziko za namna mbili. Zipo zenye chipu ndani, inayopokea muziki kutoka kwenye simu ukiwa bado tarakimu na kuugeuza kuwa sauti. Na zipo ambazo ni waya mtupu, zinazotegemea simu ifanye kazi hiyo yenyewe na kutoa sauti iliyokwisha pikwa. Simu yake hufanya hivyo. Simu ya shemeji haifanyi. Adapta yake ilikuwa ya waya mtupu.

"Kwa hiyo hata ingekuwa mpya, kwangu ingenyamaza," shemeji akasema.

"Ingenyamaza," fundi akakubali, na akacheka kidogo. "Nilikuwa nimeshamhukumu mtu bure."

Baada ya hapo walielewana kama watu wa karakana moja, mimi nikabaki kushika vitu. Walianza na hedifoni. Walizichomeka kwenye redio ya zamani ya fundi, msoma habari akasikika masikio yote mawili. Hedifoni hazina kosa. Wakaja kwenye tundu. Nilisema lazima ni zima kwa kuwa simu inachaji, nikajiona nimesaidia, lakini fundi akasema kuchaji hakutoshi, umeme una njia zake na taarifa zina njia zake ndani ya tundu hilohilo. Akachomeka flashi yenye kichwa kinachoingia. Simu ikaisoma, picha zake za harusi zikafunguka. Tundu lilikuwa linapitisha taarifa. Ikabaki adapta ya shemeji. Wakaihamishia kwenye simu ya fundi, ambayo hupokea za namna zote mbili.

Ikaimba. Safi kabisa.

Fundi akainua mikono. Washtakiwa wote hawana hatia. Lakini shemeji alikuwa akiitazama feni.

Alimwomba fundi aizime, kisha aelekeze mashine yake ya kuyeyushia lehemu kwa hewa ya moto kwenye shingo ya adapta, pale waya unapoingia kwenye kichwa. Moto mdogo, kwa mbali, usizidi joto la mfuko wa aproni. Adapta ilikuwa bado kwenye simu ya fundi, biti ikichezwa. Tukasubiri. Sehemu ya kwanza ikapita, kiitikio kikapita, nikaanza kuomba kimoyomoyo ife. Ikafa. Alama ya hedifoni ikatoweka kwenye simu ya fundi kama ilivyotoweka kwenye ya shemeji. Fundi akawasha feni. Ikapoa, alama ikarudi, biti ikarudi. Wakarudia, ikafa palepale. Mwishowe, ikiwa ya baridi, shemeji akaipinda shingo kidogo kwa kidole: upande mmoja inaimba, upande wa pili inakatika.

Simu mbili tofauti, kosa lilelile, na kosa lilifuata adapta kila ilipokwenda. Fundi akasema ndani ya shingo ile lehemu imepasuka. Ikiwa baridi na imenyooka, ncha zinagusana. Plastiki ikipata joto inavimba, zinaachana. Shemeji akaingiza simu kwenye mfuko wa aproni, kichwa cha adapta juu, akainama kana kwamba anapiga pasi. Ukingo wa meza ulikipinda palepale. Ndivyo alivyoinama kila siku ya kazi, hedifoni masikioni, mvuke ukimpanda tumboni.

Nikamwuliza kama sasa anaweza kuniomba radhi. Akasema ataitafuta radhi akimaliza kurekodi.

Fundi hakuwa na adapta ya chipu dukani, na kwenda sokoni na kurudi kungemaliza saa zetu zote. Lakini shemeji hakuhitaji adapta nzima. Alihitaji yenye uzima wa wimbo mmoja, na alikuwa amekwisha jua inaishi wapi: kwenye baridi, ikiwa imenyooka.

Tulihamia stoo ya mbele, yenye mablanketi mpaka darini na sakafu ya saruji. Bosi alikubali kuzima mashine ya mvuke kwa muda wa wimbo, akisema wateja wakiuliza atawaambia umeme. Simu tuliilaza juu ya mablanketi mbele ya mdomo wa shemeji. Adapta tuliinyoosha juu ya henga ya mbao, tukaibana kwa vibanio viwili vya nguo, kimoja kwenye kichwa, kingine kwenye mkia. Hedifoni zikaning'inia zikiwa na nafasi ya kutosha ili akitikisika zisivute. Akaniambia nikipumua atanianika.

Akaimba. Ubeti wa pili ulipofika nilifumba macho, na lile neno likapita, zima, likakaa mahali pake. Kiitikio cha mwisho kilikuwa kinamalizikia mlango wa mbele ulipofunguka, na sauti nzito ya mteja ikauliza, "Suruali zangu tayari?"

Hapakuwa na muda wa kurudia. Tukatuma ilivyo. Nilikaa nje kwenye ndoo nikiitazama simu, nimejiandaa kumjibu kiongozi wa bendi kwa ukali akikataa. Alijibu saa kumi ikikaribia. Alisema sauti imekubalika na huyo dada wa studio ameambiwa aende zake. Halafu akauliza yule mzee wa suruali analipwa kiasi gani, kwa sababu anambakiza kwenye wimbo.

Nilitaka kuihifadhi ile adapta, iwe kumbukumbu. Shemeji alinitazama, akachukua mkasi wa nyuzi, akaikata shingoni.

"Ikibaki kwenye droo," akasema, "mwakani mtu ataichomeka asubuhi, ataiona nzima, na mchana atakulaumu wewe."

Nikamwambia hiyo naihesabu kuwa ndiyo radhi. Akaniambia niende nikafue.