Ubao wa Kituo cha Usinge

Ubao ulifika Usinge ukiwa na makosa matano, na Idrisa alikuwa ameyaona yote kabla hajagonga patasi hata mara moja.

Ulikuwa ubao wa mninga, mzito, wa kuwekwa juu ya mlango wa jengo ambalo wafugaji nyuki wa Usinge walilijenga wenyewe. Katibu wao, mama mmoja mwenye maneno makali aitwaye Agnetha, alikuja mwenyewe hadi karakanani Isevya, mjini Tabora, na maandishi yake: UKUMBI HUU MPYA UMEJENGWA KWA JASHO LETU. ULINDWE, NI WETU. Akasema ubao ukiwapendeza wanachama, mbao za vijiji vingine vya umoja wao zitatoka hapohapo. Idrisa na mdogo wake Fikiri waliitaka kazi ile. Tangu watu waanze kununua mabango ya plastiki, mafundi wa kuchonga walikuwa wanapiga miayo.

Karakana waliachiwa na baba yao, pamoja na desturi moja. Fikiri anaandika kwa chaki, Idrisa anachonga, lakini patasi haigusi mti mpaka wote wawili wasimame mbele ya ubao na kuita. Mmoja analitaja jina linaloongoza sentensi, mwenzake analiletea kila neno lake, moja baada ya jingine. Ukumbi? Huu. Ukumbi? Mpya. Ukumbi? Umejengwa. Ukumbi? Ulindwe. Ukumbi? Wetu. Neno lisiloitika linafutwa. Lile LETU la katikati huliiti kwa ukumbi, kwa kuwa bwana wake ni jasho. Unaliita peke yake, jasho letu, unaendelea. Mzee alikuwa akisema chaki inafutika kwa kiganja, mti haufutiki.

Sasa ndugu hao walikuwa hawaongei vizuri. Fikiri alitaka wauze zana za mzee wanunue mashine ya kuchongea. Idrisa alimwambia mashine ataiingiza siku akimzika na yeye. Kila asubuhi walianzia hapo.

Siku moja ubao ulikuwa umeshaandikwa kwa chaki na kuitwa, bado kuchongwa. Simu ya Fikiri ikalia. Agnetha.

"Fundi, hilo neno ukumbi wanachama wamelikataa," alisema, sauti ikijaa karakana nzima. "Wanasema watu watakuja kuomba pa kufanyia harusi. Andikeni kituo. Umenisikia? Kituo!"

"Nimekusikia, mama."

Fikiri akachukua kitambaa, akafuta UKUMBI, akaandika KITUO kwa herufi nzuri kama kawaida yake. Alikuwa anaushusha mkono kwenye HUU alifute nalo, Idrisa akasema kutoka kwenye benchi lake:

"Fanya upesi. Au unasubiri mashine ikuandikie?"

Fikiri akageuka. "Kaka, unajua wewe ni nini humu ndani? Wewe ni patasi. Patasi haina mdomo. Inapelekwa tu."

"Mimi patasi?"

"Patasi. Tena butu."

Akatupa kitambaa sakafuni, akatoka kwenda kunywa kahawa barazani. Hakumaliza. Alijua hajamaliza, lakini alijua pia kwamba watasimama na kuita, kama walivyofanya maisha yao yote, na yale maneno mengine yatajitokeza yenyewe.

Idrisa akasimama peke yake mbele ya ubao. KITUO HUU MPYA UMEJENGWA KWA JASHO LETU. ULINDWE, NI WETU. Hakuhitaji mtu wa kumwitia. Kituo ni hiki. Kituo ni kipya, kimejengwa, kilindwe, ni chetu. Jina lilikuwa limebadilika na wote waliolifuata walikuwa bado wanamfuata bwana wa zamani, isipokuwa LETU la jasho, ambalo halikuwa na kesi. Maneno matano. Kitambaa kilikuwa miguuni pake na chaki ilikuwa dirishani.

"Patasi haina mdomo," akasema.

Akashika nyundo.

Alichonga vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Kila herufi aliizamisha sawasawa, akipata utamu fulani kifuani, akimwona Fikiri atakavyosimama mbele ya watu na uandishi wake. Fikiri aliporudi na kukuta patasi iko kwenye JASHO, alisimama mlangoni.

"Umeanza bila kuita?"

"Kwani ulikuwa hujamaliza kuandika?"

Fikiri alikuwa na jibu, lakini jibu lingemfanya akiri kwamba aliondoka kazini kwa hasira. Akausogelea ubao, akasoma mwanzo, akaona HUU limeshazama ndani ya mti. Uso ukambadilika. Kisha akaamua kwamba kaka yake hakuona, kwamba lilikuwa kosa lao wote wawili, na kwamba pengine huko Usinge hakuna atakayesoma kwa makini. Akaokota kitambaa sakafuni, akakitundika ukutani. Idrisa naye akaendelea kugonga.

Siku ya ufunguzi waliupeleka kwa pikapu ya kukodi, hawasemezani njia nzima. Ubao ulipachikwa umefunikwa kitenge. Mgeni rasmi alivuta kitenge, watu wakapiga vigelegele, naye akasoma kwa kipaza sauti.

"Kituo huu mpya ume..." Akasita. Akarudia taratibu, kama mtu anayedhani macho yake yana tatizo. "Kituo huu... ulindwe, ni wetu."

Vigelegele vikafa. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Hiki ni Kiswahili cha wapi? Hata sisi wa porini, Kinyamwezi chetu kina mpangilio!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wakinamama waliobeba matofali ya jengo lile kichwani walikuwa wameangalia chini.

Agnetha hakucheka. Aliwafuata mafundi mpaka ubavuni mwa pikapu.

"Nani aliandika?"

"Mimi, mama," Fikiri akasema. "Nilibadilisha jina, sikumalizia mengine. Kosa langu."

"Nani alichonga?"

"Mimi," Idrisa akasema.

"Na wewe husomi?"

"Nachonga kilichoandikwa."

Agnetha akamsogelea. "Sijakuuliza unachonga nini. Nimeuliza kama unasoma."

Idrisa angeweza kudanganya. Lakini utamu ule ulikuwa bado haujamtoka, na alitaka mdogo wake asikie.

"Niliona," akasema. "Yote matano. Aliniambia patasi haina mdomo."

Fikiri hakupiga kelele. Aliufungua mlango wa pikapu, akautoa mfuko wake, akaufunga.

"Uliona," alisema. "Ukapiga nyundo."

"Ondokeni," Agnetha akawaambia. "Mmegombana nyumbani kwenu, mkaja kutuvua nguo sisi hapa kwetu. Ondokeni na ubao wenu."

Waliung'oa mbele ya watu. Idrisa alirudi nao Tabora peke yake; Fikiri alipanda treni.

Hesabu ya hasara ya Idrisa ni hii. Ubao mmoja wa mninga, umepasuliwa kuni, kwa sababu herufi zilikuwa zimezama mno hata randa haikuzifikia. Mbao za vijiji vingine vya umoja, zimepewa fundi wa Kaliua. Karakana ya baba, imejengwa ukuta katikati: upande mmoja una mashine inayonguruma, upande wa pili una benchi na mtu mmoja. Desturi ya kuita, imekufa, maana inahitaji watu wawili. Na mdogo wake wa pekee, anayepita mlangoni kila asubuhi bila kumpa shikamoo.