Damu Isiyowekwa Chini

Mwaka ule Nakhumicha alikuwa akitembea Biashara Street kama mtu aliyeazimwa miguu. Alikuwa fundi wa nguo katika duka moja la Mhindi. Kila akiinama kukata uzi, kitambaa kilionekana kusogea mbali polepole, kama mashua isiyo na haraka ya kufika. Aliyapenda hayo, usinielewe vibaya. Watu wengi hulipia pombe kupata kichwa chepesi namna hiyo, naye alikipata bure. Mijakaranda ikichanua, alisimama chini yake na kusikia moyo wake ukipiga masikioni, akafikiri ni maua yanayoanguka.

Hayakuwa maua. Alikuwa anaishiwa damu. Uvimbe katika mji wa mimba ulikuwa umekua kama boga, na kila mwezi alitokwa na damu mpaka akaanza kulamba udongo wa ukutani pale nyumbani Kabiria, huku Shem, mumewe na baba wa mtoto wao Ajwang, akimuuliza kama anataka kuhamisha nyumba kwa njia ya tumbo.

Shem alikuwa mpishi wa wazungu huko Loresho, Mwanglikana wa tangu utoto, mtu wa kuimba bass na kulala wakati wa mahubiri. Mkewe alikuwa Shahidi wa Yehova, watu wasiokubali kutiwa damu. Kwa miaka mingi jambo hilo halikuwasumbua, ila Desemba, mmoja alipopika kuku wa Krismasi na mwingine akamla akisema ni kuku wa Jumatatu. Sasa likawasumbua. Daktari wa kwanza waliyemwona alisema uvimbe lazima utolewe, na kwamba hawezi kumgusa bila damu ya mtu mwingine kuwekwa tayari. Nakhumicha alimshukuru, akachukua kitambaa chake, akatoka.

Ndipo wakafika kwa Daktari Jamleck, katika hospitali ndogo ya misheni huko Muthangari, chini ya mikaratusi. Alikuwa mtu mnene wa Kiambu mwenye vidole vyembamba kana kwamba Mungu alichanganya mafungu mawili. Nakhumicha alikuwa ameongozana na mumewe na mzee mmoja wa kutaniko lake, Hezekiah. Daktari aliwasikiliza wote, kisha akawaomba wanaume wakanywe chai nje. Wakasita. Akawaambia chai ya hapo ni mbaya, lakini ni lazima.

Walipobaki wawili akafunga mlango.

"Mama, sasa hapa hakuna mume na hakuna mzee. Hata ukibadilisha mawazo, nje hawatajua. Unataka nini wewe?"

Nakhumicha alimtazama. Macho yake yalikuwa meupe ndani ya kope kama sahani.

"Daktari, kufa naogopa kama wewe. Lakini naogopa zaidi kuamka nikiwa si mimi."

Daktari akaandika. Akamweleza wazi kwamba mshipa ukifumuka anaweza kufa mezani. Akamwuliza tena siku nyingine, peke yake, na jibu likawa lile lile. Basi akaacha kuuliza, akaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kungoja, na kungoja kwa Nakhumicha kulikuwa kama kuelea. Alipewa vidonge vya kusimamisha hedhi, dawa ya safura ili minyoo isishiriki chakula cha watu, vidonge vya foliki vya kuongeza damu, na sindano nene za madini ya chuma matakoni zilizomwachia madoa ya kahawia. Shem alimpikia maini na sukuma wiki. Nakhumicha aliuliza kila mara kama mnyama alichinjwa na kutokwa damu vizuri, na Shem aliapa kwamba ng'ombe yule alikufa mweupe kama askofu. Damu ilipopimwa, daktari alikataza kuivuta kwa sindano. Tone moja la kidole, basi. Alisema huwezi kujaza ndoo huku ukiichotea kuionja.

Miezi ilipita, mashavu yake yakarudi. Vitambaa dukani vikaacha kusogea. Alikaribia kusikitika.

Siku moja daktari alimweleza kuhusu damu yake mwenyewe. Mimba ikitunga nje ya mji wa mimba na mrija kupasuka, alisema, tumbo hujaa damu, nao madaktari huichota kwa kijiko kikubwa, wakaichuja bakulini kwa matabaka ya kitambaa cha shashi, wakaitia katika chupa yenye dawa ya kuizuia isigande, wakamrudishia mama. Wengi walipona hivyo. Ilimradi utumbo haujatoboka, kwa maana hapo damu inakuwa sumu. Je, yeye angekubali hivyo?

Nakhumicha alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Ikishawekwa kwenye bakuli imemwagika," akasema. "Ile imeshaachana na mimi. Lakini kama inatoka na kurudi bila kukatika, kama maji ya mto yanapopita kwenye mfereji, hiyo bado ni yangu. Wenzangu wengine watakataa hata hiyo. Mimi dhamiri yangu inakubali."

Daktari akakaa siku kadhaa na mtaalamu wake wa nusukaputi, Nthiwa, mtu mkimya wa Machakos aliyependa kusema mambo mazito kwa sauti ya kuagiza sukari. Wakafunga chupa moja kwa kizibo chenye matundu matatu: mpira wa kunyonya kutoka tumboni, mpira wa kwenda kwenye mashine inayovuta, na mpira wa kurudi mkononi kupitia kichujio. Ndani wakatia maji ya chumvi na dawa ya kuzuia kuganda. Vyote vingejazwa na kuunganishwa na mshipa wa mama kabla hajakatwa, visiachane mpaka mwisho. Kunyonya kuwe kwa upole, ili chembe za damu zisipasuke. Kurudisha kuwe na mashine imezimwa na chupa imeinuliwa, na isiachwe iishe kabisa, hewa isije ikaingia mshipani. Nakhumicha alionyeshwa. Akaifuata mipira kwa kidole kama anayefuata mshono, toka mwanzo mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali.

Asubuhi ya upasuaji Shem alimvuta daktari kando ya ukuta wa jikoni.

"Daktari, akishalala, kama mambo ni mabaya, mpe damu tu. Hatajua."

"Nitajua mimi."

"Wewe si mume wake."

"Ndiyo maana ameniambia mimi," daktari akasema, na akaenda kunawa mikono.

Nakhumicha alilala akiona taa ya juu ikifunguka kama ua. Nthiwa aliinamisha meza kidogo, miguu chini, akashusha shinikizo la damu kwa kipimo, kwani mshipa usiosukumwa sana hauvuji sana. Daktari alikata polepole, akifunga kila kimshipa kabla hakijapata nafasi ya kusema neno. Sista Muthoni, muuguzi aliyefanya kazi naye tangu hospitali ina bati moja, alimpa vibanio vya mishipa kabla hajaviomba. Chumbani mlikuwa na utulivu ambao hata nzi angeona haya kuuvunja.

Kisha, boga lilipoinuliwa, kibanio kikateleza.

Damu ilipanda tumboni kimya, kama maji ya bafu. Daktari akazamisha ngumi na kuugandamiza mshipa mkuu kwenye uti wa mgongo. Damu ikapunguza kasi. Na Muthoni, ambaye mikono yake ilikuwa imeokoa mama wengi wa mimba za nje, hakungoja kuambiwa. Alishika kijiko kikubwa, akachota, akamimina juu ya shashi iliyotandazwa bakulini, akachota tena. Mpaka daktari anageuza macho, bakuli lilikuwa limejaa nusu, jekundu, jipya, likitoa mvuke.

Muthoni naye aliliona kosa lake. Kijiko kikasimama hewani.

"Mapigo yanapanda," Nthiwa akasema kwa sauti yake ya sukari. "Shinikizo linashuka, na hili si mimi ninayelishusha."

Hakuna aliyeuliza bakuli lifanywe nini, kwa sababu wote walijua lingeweza kufanywa nini. Lilikuwa safi. Lilikuwa lake. Chupa ya pili ilikuwa rafuni. Mama mwenyewe alikuwa amelala, midomo ikianza kupoteza rangi, na nje mume alikuwa ameshatoa ruhusa ambayo haikuwa yake kutoa.

Daktari alikaa na ngumi yake tumboni. Alihisi mshipa ukigonga chini ya vidole, mwepesi, kama mtu anayebisha mlango akiwa na haraka.

"Mwaga," akasema.

"Yote, daktari?"

"Yote. Halafu shika mpira wa kunyonya, taratibu. Iliyobaki ndani bado haijamwacha."

Muthoni akamwaga. Kisha akashika mpira. Damu iliyokuwa imebaki ikapanda chupani bila povu. Nthiwa akafungua dripu ya mkono wa pili, akaweka oksijeni zaidi. Daktari akaondoa ngumi kidogo kidogo, akauona mshipa uliokimbia, akaufunga mara mbili, kisha akalitoa boga. Mashine ikazimwa, chupa ikainuliwa, na damu ya Nakhumicha ikateremka kurudi mkononi kwake, nzito, bila kukimbia, katika mpira uleule usioachana naye. Waliitazama wote watatu. Walisubiri.

"Shinikizo linapanda," Nthiwa akasema baadaye sana.

Nakhumicha aliamka mweupe kuliko siku alipokuja. Siku zile alielea tena: mikaratusi dirishani ilikuwa ikipumua, sauti za watu zilifika zikiwa zimefungwa pamba. Alilazwa asijitume kwa lolote, oksijeni puani, sindano za chuma zikaendelea, tone la kidole mara moja moja. Daktari alikuja, akavuta kiti, akamwambia yote, hata lile bakuli, kwa sababu alikuwa na haki ya kujua ni kiasi gani chake kilikwenda na maji.

Shem alikuwa upande wa pili wa kitanda. Hakupaza sauti. Alimwuliza daktari, kama lingekuwa lile bakuli tu lililobaki duniani, angemwacha mke wake afe?

"Ningemwacha," daktari akasema. Akavua miwani, akaisugua kwa koti, akaivaa ikiwa chafu zaidi. "Na nisingelala tena vizuri. Lakini ningemwacha."

Shem akageuka ukutani. Nakhumicha akautoa mkono chini ya blanketi, akamtafuta mpaka akaupata mkono wa koti lake.

"Baba Ajwang, geuka," akasema. "Geuka unione. Ni mimi."

Ilichukua muda, lakini aligeuka. Akamtazama kama mtu anayetafuta kitu chake kati ya vitu vya watu: uso, kope nyeupe, ule mdomo uliokuwa ukibishana naye kuhusu kuku.

"Ni wewe," akakubali, kwa shida.

"Basi niletee chai. Ya hapa ni mbaya."

Shem akaenda kuitafuta nyingine. Nakhumicha akafumba macho, na kitanda kikasogea polepole chini ya mikaratusi, naye hakukizuia.