Kitanda cha Herufi Mbili

Fundi seremala hakuwa akigusa msumeno kabla ya kupokea nusu ya bei. Nusu hiyo ndiyo iliyonunua mbao, misumari na vanishi, tena ilimfunga mteja, maana aliyekwisha kutoa pesa yake hasahau njia ya karakana. Watu walimbandika jina la Nusu Kwanza, wakamcheka weee, lakini kwake hapakuwa na kabati hata moja lililokosa mwenyewe.

Ndipo akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa mbioni kuoa. Alitaka kitanda kipana, na kwenye ubao wa kichwani zichongwe herufi mbili, yake na ya mchumba.

"Tanguliza nusu, shemeji," fundi alimwambia.

"Nikipata mshahara. Kwani nitakimbilia wapi?"

Nyumbani, mkewe alinuna. "Kaka yangu unamfanya mtu baki? Nitauweka wapi uso wangu kwa mama?"

Fundi akalegea. Alikopa mbao kwa mwenye ghala, akaweka dhamana mashine yake ya randa. Tena herufi, ambazo siku zote alizichonga mwisho, mteja akishamaliza kulipa, safari hii alizichonga mapema ili amfurahishe mkewe. Alizichonga kwa kina na kwa moyo wote, masikini.

Uchumba ukavunjika. Shemeji hakutokea, na alipopigiwa simu alijibu kwa upole, "Kitanda cha nini tena, shemeji? Kiuze tu. Mimi sikukupa hata senti, kwa hiyo hatudaiani."

Wanunuzi walikuja, wakapapasa mbao, wakaona herufi, wakaondoka wakicheka. Kuziranda kungeubakiza ubao mwembamba usiofaa kitu, na ubao mpya ulihitaji pesa. Mwenye ghala alivumilia mpaka akachoka, akaja kuifungua mashine sakafuni. Aliomba hata radhi.

Siku chache baadaye aliingia mama mmoja mwenye kutaka meza na viti sita, pesa tayari mkononi. "Nimeambiwa kwako ni nusu kwanza."

Fundi alizitazama zile noti, kisha matundu ya nati pale ilipokuwa mashine. Zingetosha kuikomboa tu, na bila hiyo hakuna kuranda mbao. Lakini meza ya watu angeitengeneza kwa mbao zipi? Angekuwa amemfanyia mama huyu alichofanyiwa yeye, na vibaya zaidi.

"Mtafute fundi mwingine, dada," alisema. "Mimi sina kazi tena."

Mkewe alikuwa mlangoni na chakula chake, amesikia yote. Aliweka bakuli chini, akakaa kwenye kile kitanda, juu ya chaga tupu, akaifunika herufi ya kaka yake kwa kiganja.

"Niseme nini?" aliuliza.

Laiti fundi angekuwa na hasira naye, walau wangegombana. Alichukua ufagio, akaanza kufagia karakana ambayo haikuwa na takataka.