Shali Nyekundu ya Bibi Rhobi

Bibi Rhobi alimwita mjukuu wake Dullah "mume wangu" tangu kijana huyo hajaota jino, na mume, kwa utani wa Wakurya, hana budi kumvika mkewe. Kwa hiyo bibi alipomwambia, "Mura, kijana wewe, naona baridi, niletee shali ya sufu, na iwe nyekundu," Dullah aliapa mbele ya jiko zima kwamba kufikia Jumapili shali ingekuwa mabegani pake.

Hakuwa na hofu. Yeye na shangazi yake Rahima, binti wa bibi huyo huyo, waliuza shali, mitandio ya hariri na mazulia pale Nkende, mjini Tarime. Mzigo wao waliuchagua kwa picha za simu kutoka kwa Jumaa, mfanyabiashara wa Sirari. Na Dullah alijisifu kwamba jicho lake halidanganywi.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Shali ya zamani ya bibi iliitwa sufu, lakini cheche ya moto iliporuka kutoka mafigani, shali hiyo iliyeyuka na kumganda mkononi. Kovu lilikuwa bado linang'aa. Na bibi hakai mbali na moto. Ungemwambia ahame mafigani, angekuhamisha wewe.

Ijumaa Jumaa akatuma picha. Dullah alipoiona nyekundu, akaruka.

"Shangazi, hii hapa! Soma lebo: sufu asilia. Maandishi ya dhahabu!"

Rahima alikuwa ameshika simu ya mteja, akitazama picha ya zulia. "Subiri, baba. Huyu kaonyeshwa uso tu wa zulia. Mwambie apigiwe picha ya mgongo. Likiwa la mafundo ya mkono, ua utaliona hata nyuma. Ukikuta kitambaa kimebandikwa kwa gundi, hakuna mafundo hapo." Kisha akavaa miwani. "Haya, nionyeshe mke mwenza wa mama."

"Mke mwenza gani?"

"Hiyo nyekundu. Umeshaipenda kuliko mama yangu."

Akaikuza picha kwa vidole viwili. "Matamvua haya yameshonewa ukingoni, unaona mstari wa cherehani? Nyuzi za shali hazikufika huko."

"Kwa hiyo si sufu!"

"Sijasema. Tamvua linakuambia imetengenezwaje, halikuambii ni uzi gani. Hata sufu hushonewa matamvua. Ila lebo ya dhahabu ni ya kuuzia. Mwombe Jumaa ageuze, apige ile ndogo ya kufulia."

Jumaa akageuza, akalalamika kwa sauti iliyorekodiwa kwamba watu wa Tarime wanakagua shali kama mahari. Picha ikaja. Kwenye kipande cheupe cha mshono wa ndani, kwa herufi za kujificha: akriliki, mia kwa mia.

Dullah akatukana kimoyomoyo. Plastiki ileile. Ndiyo iliyomganda bibi.

"Kuna hii ya kijivu," Rahima akasema taratibu. "Matamvua ni nyuzi zake zenyewe, zimesokotwa mwishoni. Ina vinyweleo visivyo sawa, na lebo ya ndani inasema sufu tupu. Naiamini kuliko ile. Lakini picha haiapi, baba. Uzi ndio unaoapa."

"Kijivu! Niliapa nyekundu, Shangazi. Nitachekwa mpaka Kemambo."

"Basi chagua. Uchekwe wewe, au aungue yeye."

Jumapili Dullah aliingia Nyarero, nyumbani kwa bibi, amebeba shali ya kijivu kama aliyebeba kosa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nyekundu yangu iko wapi?" Akaifunua. "Eh! Umenivika jivu. Unanizika mapema?"

Jiko likaangua kicheko. Masikio ya Dullah yakawaka. "Nyekundu ilikuwa plastiki, bibi. Ingekuganda tena."

Bibi akaivuta shali karibu na macho. Akang'oa uzi mmoja kwenye tamvua, akaupeleka motoni kwa ncha ya kijiti. Dullah akainama kutazama. Uzi ukajikunja, ukafuka, na alipouondoa, moto wake ukazima wenyewe. Haukudondosha tone. Bibi akasugua kilichobaki. Kikawa unga mweusi kati ya vidole. Akanusa.

"Nywele zilizoungua," akasema. "Kondoo huyu nilimchunga mimi."

Akajifunika, akasogea mafigani, kisha akainua ncha moja ya shali na kumvuta Dullah ndani yake, kichwa kizima, kama enzi zile alipokuwa akimkimbilia akiogopa radi.

"Mume muongo," akamnong'oneza. "Umeapa nyekundu ukaleta jivu. Kaa hapa, upashe moto uongo wako."

Dullah akakaa.