Punguzo Lisilosubiri Mahindi Kukauka

Tangazo alilitunga Chiriku mwenyewe, na siku lilipobandikwa mlangoni alitoka nje mara nne kulisoma kama vile limeandikwa na mtu mwingine.

MAVUNO NI SASA, MBOLEA NI SASA. LIPA LEO KWA BEI YA PUNGUZO, CHUKUA MVUA IKIKARIBIA. MWISHO JUMAMOSI!

Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake tangu utotoni, kwa kuwa hakujua kunyamaza. Sasa alikuwa amerudi na stashahada ya biashara ya kilimo na mdomo uleule, na shangazi akamwingiza kwenye duka lake la pembejeo. Walikubaliana hivi: promosheni ya mavuno ya mwaka huu ni ya Chiriku, kuanzia neno la kwanza hadi mfuko wa mwisho. Ikifaulu, kuagiza mali na kutangaza inakuwa kazi yake moja kwa moja. Ikidoda, anarudi kule nyuma kupima misumari na kufunga dawa za kupe.

Wazo lake lilikuwa na akili. Kila mwaka wakulima walifika dukani mvua imeshaanza, mifuko imeshatoboka, wanaomba mbolea ya mkopo huku wanatazama sakafu. Mahindi yameuzwa zamani na pesa imeshakwenda zake. Basi kwa nini wasiuziwe mbolea wakati wana pesa? Afisa mauzo wa kampuni, kijana aliyevaa tai hata juani na ambaye wote walimwita Bwana Tai, alilipenda wazo hilo. Kampuni ilikuwa inatoa punguzo kwa maduka yatakayoagiza mapema. Ni yeye aliyesema pawekwe tarehe.

"Watu wasipowekewa mwisho watalala," alisema. "Wakimbize kidogo."

Wakakimbia. Jumatatu duka lilikuwa kimya. Jumanne walikuja wachache. Jumatano asubuhi palikuwa na foleni, na Chiriku akaanza kuongea na wateja kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupandishwa cheo.

Wa tatu kwenye foleni alikuwa Mama Pacha, jirani yao wa nyumba ya tatu. Alifungua fundo la kanga akahesabu noti juu ya kaunta, akasukuma mbele.

"Mifuko miwili, mwanangu. Andika jina langu vizuri, nisije nikageuziwa maneno."

"Hongera, mama. Umewahi!"

"Nitaachaje kuwahi na wewe umesema Jumamosi? Jana nimewaamsha wanangu tukapukuchua mpaka vidole vikatoa malengelenge. Yote nimempelekea Pima-Tena."

Kalamu ya Chiriku ikasimama. "Yote? Hata ya kula?"

"Ya kula nitanunua. Punguzo halirudi, ya kula yapo kila siku." Mama Pacha akacheka. "Umetukimbiza kweli wewe mtoto. Una mdomo!"

Pima-Tena alikuwa mnunuzi wa mahindi mwenye mzani wa kuning'iniza njia panda. Ukilalamika kwamba gunia lako limepungua, husema "pima tena," na mara ya pili huwa jepesi zaidi. Chiriku alimwangalia Mama Pacha akitoka, akakumbuka mahindi ya wiki ile yalivyokuwa shambani. Magunzi yalikuwa bado na unyevu. Punje ukiitia ukucha inabonyea.

"Kwani Pima-Tena anatoa bei gani?" akamuuliza mzee aliyefuata.

"Anakata kwanza maji. Gunia lako moja kwake ni robo tatu. Halafu bei yenyewe ndiyo ya mavuno, kila mtu anauza." Mzee akaweka pesa kaunta. "Tungengoja yakauke angenunua vizuri. Lakini punguzo linaisha."

Chiriku alipiga hesabu pale pale, kichwani, na hakuipenda. Alichookoa Mama Pacha kwenye mifuko miwili ya mbolea hakikufikia hata nusu ya alichomwachia Pima-Tena. Na akija kununua ya kula miezi mitatu ijayo, atayanunua mahindi yake mwenyewe kwa bei nyingine.

"Mzee wangu, chukua pesa yako kwanza," alisema. "Kaa hapo kwenye benchi. Nakuja."

Shangazi alikuwa stoo anahesabu maboksi ya dawa ya kuhifadhi nafaka. Chiriku alimweleza kwa pumzi moja. Shangazi hakuinua uso.

"Mbolea inatoka?"

"Inatoka."

"Si ndicho ulichotaka?"

"Shangazi, tumewaambia wavune pesa kabla ya mahindi. Mavuno ni sasa, pesa siyo sasa. Mimi nimechanganya hivyo vitu viwili, nikaviandika kwa herufi kubwa."

Shangazi akaweka boksi chini. "Kampuni inataka oda yangu mwisho wa wiki. Nikichelewa, punguzo hakuna."

"Inataka oda, au inataka pesa yote?"

"Arbuni. Sehemu moja ya tano. Nyingine namalizia siku lori linaposhusha, kabla ya mvua."

"Wewe unatoa sehemu ya tano. Mkulima tumemdai nzima."

"Kwa sababu nawajua!" Shangazi akasimama, mikono kiunoni. "Leo atakuwekea nafasi kwa tabasamu, kesho ameoa, mbolea imebaki na mimi kama mke mwenza. Nani ataila? Wewe?"

"Akishatoa ya kwake hawezi kuiacha. Na akishindwa, amwachie ndugu yake nafasi ile. Shangazi, maharage wameshauza. Pesa ya maharage ipo, ndogo, lakini ipo. Inatosha sehemu ya tano. Iliyobaki watalipa kidogo kidogo kwa simu, mahindi yakikauka na bei ikipanda. Na mbolea inakaa huku kwetu, isipate unyevu majumbani ikawa mawe."

Shangazi alimtazama mtoto wa kaka yake kwa muda mrefu, kama anayekagua mbegu kiganjani.

"Promosheni ni yako," alisema mwishowe. "Wasiporudi, misumari inakungoja. Nami nitakuwa nimefilisika, tutaipima wote." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ungefanya haraka. Baba yako amepita hapa na mkokoteni, sasa hivi tu."

Chiriku alichomoa kipaza sauti kilichoning'inia nyuma ya mlango, kile cha kutangazia, akatoka.

Baba yake alikuwa njia panda, wa pili kutoka kwenye mzani, kofia imerudishwa nyuma, magunia sita kwenye mkokoteni. Yalikuwa mavuno yote. Mle ndani mlikuwa na ada ya mdogo wake Chiriku na mabati ya jiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunisindikiza?" Uso wake uling'aa. "Ngoja nipimiwe hapa, nakuja kununua mifuko minne. Nataka wakuone ukiniandika."

"Baba, usiuze."

"Nisiuze?" Akacheka, akageukia wenzake. "Msikieni huyu. Mji mzima unanunua kwa binti yangu, mimi nikae nyumbani? Watu wataniuliza, mzee, mwanao umemkosea nini?"

"Mahindi mabichi, baba."

"Najua mabichi. Nimeyalima mimi." Akashusha sauti. "Nilitaka tu lako lifanikiwe, mama."

Hilo Chiriku hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kumweleza hesabu, lakini baba hesabu alikuwa nayo. Alikuwa anapata hasara kwa makusudi, kwa ajili yake.

"Lakini Jumamosi umeiandika wewe," Pima-Tena akadakia kutoka kwenye mzani. "Usiwachanganye wateja wangu. Pandisha gunia, mzee."

Chiriku akapanda kwenye ubao wa mkokoteni. Kipaza sauti kililia kwanza mluzi, watu wakaziba masikio, kisha kikatulia.

"Mimi ndiye niliyeandika tangazo la mbolea," alisema. "Nimekosea. Nimewaambia mlipe yote wakati mahindi yenu hayajakauka. Nalifuta. Jumamosi leteni sehemu ya tano tu, ile ya maharage, na bei ya punguzo inakuwa yenu. Nyingine mtalipa mkishauza. Mahindi yaliyo nyumbani yaanikeni."

"Tukalipe lini sasa?" mtu akapaza sauti. "Nyie wa maduka kila siku mna tarehe mpya!"

"Kabla lori la mbolea halijashusha, mawingu ya kwanza yakionekana. Na kuuza, mtauza lini?" Akafikiri. Chuoni walifundishwa kutumia kipimo cha umeme. Nyumbani walitumia chupa. "Chupa ya chumvi mnaijua?"

"Tunaijua!" wakajibu wanawake kadhaa.

"Tia chumvi kavu chupani, na punje kiasi cha kiganja, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado. Isipoganda, uza. Asiyekuwa na chupa, aje dukani, ipo kaunta."

Kicheko kikapita. Pima-Tena akasonya. "Kwa hiyo mimi nile nini hadi chumvi yenu ikauke?"

"Utakula, ndugu yangu," baba akamjibu, huku anageuza mkokoteni. "Utakula mahindi makavu. Meno unayo."

Si wote walioondoka. Wawili waliuza palepale; walikuwa na wagonjwa nyumbani, na ugonjwa haungoji mahindi yakauke.

Alasiri alimrudishia Mama Pacha pesa yake, akabakiza sehemu ya tano tu. Mama Pacha alikwenda mbio kununua ya kula kutoka kwa Pima-Tena. Alirudi amepungukiwa gunia zima na kitu, maana bei ya kununua si bei ya kuuza.

"Ulinikimbiza," alisema. Hakucheka. Akafunga fundo lake. "Lakini umenirudisha. Wengine hawarudishi."

Bwana Tai alipopiga simu alifoka kwa dakika mbili juu ya tangazo lililofutwa, kisha akauliza oda ni mifuko mingapi. Shangazi akamtajia. Upande wa pili wa simu sauti ikalainika. Jumamosi jioni droo ya pesa ilikuwa nyepesi kuliko ya Jumatano, lakini majina yalikuwa yameongezeka mara tatu, na mengi yalikuwa ya watu ambao hawakuwahi kununua mbolea kabla ya mvua.

"Wakirudi, utatangaza wewe," shangazi alisema, akizima taa. "Wasiporudi, unajua."

"Misumari."

"Misumari."

Jumapili nyumbani mahindi yalikuwa yametandazwa juu ya turubai ua mzima, manjano kama mwanga wa taa. Baba aliyageuza kwa miguu mitupu, taratibu, akichora mistari. Arbuni yake alikuwa ameipeleka mwenyewe dukani, mbele ya watu, akasimama wima hadi jina lake likaandikwa.

"Kuna chupa kwenye dirisha," alisema.

Chiriku aliichukua, akatia chumvi, akaokota punje chache katikati ya ua pale zilipokuwa nene. Alitikisa, akainyanyua mbele ya mwanga. Weupe ulikuwa umeshika kioo pande zote.

"Bado," alisema.

"Bado," baba akaitikia, na akaendelea kugeuza.