Sentimita Mbili za Kabati

Kabati ndilo lililoanza. Mudir wa shule yetu hapa Doha alinunua kabati la maabara kutoka Ulaya, jeupe kama friji, milango inafunga bila kelele. Ndani lina sentimita tisini na nane na nusu. Rula zetu za mbao zina sentimita mia moja. Wakaguzi walikuwa wanakuja wiki hiyo, na Mudir hakutaka kuona rula zimesimama kwenye kona kama askari wa usiku.

"Gerishon, ziingie kabatini," akasema. "Khalas, basi."

Mimi ni fundi wa maabara, nina diploma yangu ya Nairobi imetundikwa ukutani kwangu Al Mansoura, juu ya jiko la gesi. Mtu mwenye diploma angerudisha kabati. Mimi nilifunga rula ishirini na nne kwa kamba, nikampelekea Omondi, seremala wa kule Industrial Area.

"Nikate upande gani?" Omondi akaniuliza, msumeno tayari unanguruma.

Upande mmoja una tundu la kutundikia. Lile tundu nililipenda, ni zuri.

"Kata ule usio na tundu," nikamwambia.

Dakika tano. Sentimita mbili kila moja. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Rula zile zina namba kila baada ya sentimita kumi tu, mistari mingine ni midogomidogo, kwa hivyo hakuna aliyeona kitu. Zikaingia kabatini. Wakaguzi wakasifu kabati.

Hiyo ilikuwa Oktoba. Kufika Machi nilikuwa nimesahau kabisa, hasa kwa sababu nilitaka kusahau.

Machi ndio wakati wa kazi ya vitendo ya fizikia kwa wale wa mwaka wa mwisho. Unafunga kidude cha chuma kwenye uzi, unakiachilia kibembee, unahesabu mabembeo ishirini kwa stopwochi. Ukijua urefu wa uzi na muda wa bembeo moja, unapata nguvu ambayo dunia inatuvuta nayo. Kitabu kinasema 9.81. Mwalimu wao alikuwa Cornelius, Mkenya mwenzangu, mtu msafi sana, hata chaki haimshiki. Alhamisi saa sita mchana alitakiwa kutuma kazi zote zikiwa na sahihi yake.

Jumatano asubuhi akaingia maabara na rundo la makaratasi, uso umekunjika.

"Bwana Gerishon, darasa langu lina watoto kumi na wanane. Kumi na watano wamepata 9.81. Wawili 9.80, nawasamehe. Halafu kuna huyu."

Huyu alikuwa Gakii, binti wa nesi mmoja tunayesali naye kanisani Mesaimeer kila Ijumaa. Alikuwa amesimama nyuma ya Cornelius na kalkuleta mkononi. Alitaka kusomea uinjinia, na chuo kilikuwa kimemwambia: alama ya juu kwenye fizikia au usahau. Bila sahihi ya Cornelius hana kazi ya vitendo, na bila kazi ya vitendo alama hiyo haipo.

"Amepata 10.14," Cornelius akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Ndivyo ilivyotoka, Mwalimu," Gakii akasema.

"Dunia haikuvuti wewe zaidi ya wenzako, Gakii."

"Labda mimi ndiye mzito."

Nikakohoa kuficha kicheko. Cornelius hakucheka.

"Sikiliza. Asilimia ya kosa lako ni 3.4. Shaka ya vipimo vyako, kile ambacho mkono na saa vinaweza kukosea, umeandika 1.8. Kosa limetoka nje ya shaka, msahihishaji atauliza maswali. Wewe ongeza shaka. Kwenye muda umeandika sekunde sifuri nukta mbili, si ndiyo? Andika nusu sekunde. Itafika asilimia nne, kosa litaingia ndani lilale. Naweka sahihi leo hii."

"Lakini mkono wangu hauchelewi nusu sekunde."

"Nani anaujua mkono wako?"

"Mimi. Nimepima mara kumi."

"Basi kesho saa sita," Cornelius akasema, akaondoka na rundo lake.

Gakii akabaki. Akakaa kwenye kiti changu bila kuombwa, kama watoto wa kanisani wanavyofanya.

"Anko, hebu niangalizie. Urefu ni milimita 500, shaka mbili, hiyo ni asilimia 0.4. Muda wa mabembeo ishirini ni sekunde 27.9, shaka 0.2, hiyo ni 0.7. Muda kwenye fomula uko mraba, kwa hivyo 0.7 naihesabu mara mbili, 1.4. Jumla 1.8. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea," nikamwambia, na nilikuwa nasema kweli.

"Basi kama mikono yangu inaweza kuharibu 1.8 tu, na jibu limepotoka 3.4, kuna kitu kingine kinachonidanganya. Na kinadanganya upande mmoja. Nimerudia mara tano, kila mara inatoka juu. Saa nimeilinganisha na nyingine, ziko sawa. Imebaki rula."

Macho yangu yakashuka chini ya meza.

Sasa, meza yangu ina mguu mmoja mfupi. Tangu Oktoba nilikuwa nimeusimamisha kwa kipande cha mbao, kipya, chenye vanishi ya kiwandani na mistari midogo ya milimita. Kipo pale chini, karibu na kiatu cha Gakii. Ningeweza kumwambia mtoto aandike nusu sekunde. Mudir asingejua, Cornelius angeshukuru, viza yangu ingelala salama. Na huyu binti angejifunza kwamba ukweli ukikusumbua, unaongeza shaka mpaka uingie.

Nikainama, nikachomoa kile kipande. Meza ikayumba, chai ikamwagikia kitabu cha orodha ya vifaa.

"Mwanangu, sehemu ya rula iliyokatwa ni hii hapa. Nyingine zilikatwa vivyo hivyo."

Akakigeuzageuza. Akachukua rula ya plastiki kutoka begini, akaipanga na rula ya mbao, kutoka mwisho uliokatwa, ule wa sifuri, mpaka mstari ulioandikwa kumi.

"Sentimita nane," akasema. Halafu akapima kile kipande. "Hiki kina milimita kumi na nane."

"Mbili zililiwa na msumeno."

"Kwa hivyo uzi wangu ulikuwa 480." Vidole vikakimbia kwenye kalkuleta. "9.74. Kosa asilimia 0.7. Limeingia ndani ya 1.8 lenyewe, Anko, bila kusukumwa."

Tukamfuata Cornelius ofisini. Nikamweleza yote, kabati, tundu, Omondi. Alisikiliza akitabasamu, akachukua kalamu kusaini kazi ya Gakii. Akasaini. Halafu kalamu ikabaki hewani.

"Ngoja. Rula zote ishirini na nne zilikatwa?"

"Zote, Mwalimu."

"Na wote wamepima kuanzia mwishoni."

"Nimesoma karatasi zao. Wote," nikasema.

Akalitazama lile rundo. Kwa rula zile, mtu mkweli alitakiwa kupata kumi na kitu. Kumi na saba walikuwa wamepata jibu la kitabu kwa rula isiyoweza kulitoa.

"Hata Kiprop?" akauliza polepole. Kiprop ndiye alikuwa wa kwanza darasani.

"Kiprop amepata 9.81 na shaka sifuri," Gakii akasema. "Aliniambia yeye huwa hana shaka."

Alasiri hiyo darasa zima lilirudia, wakianzia mstari wa kumi. Majibu yakatoka 9.6, 9.9, mmoja 10.1. Cornelius alizunguka akiyatazama kama mtu aliyeletewa samaki ambaye hajaparwa magamba, lakini Alhamisi saa tano na nusu alikuwa amesaini yote. Ya Gakii ilikuwa juu ya rundo.

Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya shule. Mudir aliisaini mwenyewe, kisha akanisindikiza mlangoni.

"Zile rula mpya nimeagiza," akasema. "Za mita moja kamili."

"Na kabati, Mudir?"

Akashika kitasa cha mlango.

"Omondi wako anaweza kulitoboa ubavuni, ncha za rula zitokeze?"

Meza yangu bado inayumba. Kile kipande alikiomba Gakii, akaondoka nacho.