Tunaanza Kisogoni

Mimi nilimwambia Ndinda hiyo script yake ya video iko na uongo ndani. Nilimwambia mapema, kabla hata hajawasha ile taa ya kurekodi. Lakini salon ni yake, mimi ni wa kusuka tu, na mtu wa kusuka akiongea sana anaambiwa ana mdomo. Mdomo ninao. Sijawahi kukataa.

Alinisomea kutoka kwa simu yake, akijaribu sauti ile ya watu wa mtandao.

“Niaje warembo. Karibuni kwetu Kawangware 46. Leo tunasuka knotless za saizi ya kati, mwanzo hadi mwisho. Nywele imeoshwa, imekaushwa kwa blow dry. Tunaanza kisogoni, tunapanda tukienda mbele. Tunagawa nywele kwa viboksi, tunapaka gel kwa mizizi. Tunaanza kusuka na nywele yako mwenyewe, halafu tunaongeza ya pakiti kidogo kidogo. Hakuna fundo hapo chini, kwa hivyo haivuti. Tukimaliza, ncha tunachovya kwa maji moto. Masaa matatu tu. Bei ni elfu mbili, na pakiti za braids ni juu yetu.”

“Hayo masaa matatu ni ya watu wawili,” nikamwambia. “Mtu mmoja ni sita, na asisimame hata kunywa chai.”

“Wangeci, mteja akisikia sita anaenda kwa jirani.”

“Basi sema tuko wawili.”

“Wakikuja si watatukuta wawili? Shida yako ni nini?”

Shida yangu ilikuwa kwamba kwa hiyo video nilitolewa nje. Simu ilisimamishwa upande wake, ikamchukua yeye kuanzia kichwa mpaka kiuno. Mimi ukiniangalia vizuri ni vidole tu, na hivyo vidole unaweza kudhani ni vyake.

Aliyesukwa siku hiyo ni Yvonne, msichana wa Mama Yvonne anayeuza githeri Kambi Muru, kule Kibera. Alikubali kurekodiwa ndiyo asukwe bure, na alikuja Kawangware kwa miguu kutoka Kibera akicheka njia yote. Huyo msichana alipenda kichwa chake, wacha nikuambie. Script ilitaka Ndinda aulize, “Yvonne, inavuta?” na yeye ajibu, “Hata kidogo.” Akajibu, halafu akaongeza ya kwake: “Hizi nitazeeka nazo.” Tukaiacha hapo, ilikuwa tamu.

Hakuzeeka. Zile nywele zilifumuliwa baada ya wiki saba kama kawaida, na mwezi uliofuata tumbo lilimshika, likamlaza hospitali siku chache, likammaliza. Sijui hata niseme nini zaidi ya hapo. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Mama Yvonne alikuja salon akiwa amefunga kitambaa cheusi, simu mkononi. Alituonyesha ile video, kana kwamba hatuijui. “Nataka aende nyumbani Kitui akiwa hivi,” akasema. “Hivi hivi. Nimeshaongea na mochari. Gari ya mwili itatoka saa tano, nyinyi mtaingia saa mbili. Ni masaa matatu, si ndiyo?”

Ndinda aliniangalia. Mimi pia nilimwangalia.

“Ndiyo, mama,” Ndinda akasema. “Tutakuja wawili. Na pesa weka, hatuchukui.”

Na kusema haki, wawili ingetosha. Hiyo hesabu niliifanya kichwani nikaona inatoshana, ingawa kwa kubanana.

Asubuhi ya safari tuliingia mochari na vitana vyetu, gel na pakiti za braids. Mhudumu anaitwa Mutiso, mtu mpole. Alikuwa amemwosha Yvonne nywele na kuzikausha, akamgeuza ubavu ili tufikie nyuma, akatupa glavu. Mama Yvonne alikaa kwenye stuli karibu na miguu ya mtoto wake. Aliegemeza simu dirishani, akawasha ile video. “Ili msisahau chochote,” akasema.

“Tunaanza kisogoni,” sauti ya Ndinda ikasema kutoka kwa simu.

Tukaanza kisogoni. Hata bila simu tungeanza hapo, kwa sababu kila msusi huanza hapo. Ndinda alishika upande wake, mimi wangu. Akagawa boksi la kwanza, akapaka gel, akagusa ngozi ya kichwa. Ilikuwa baridi, baridi ya kitu kilichotoka kwa friji. Akaurudisha mkono. Akajaribu tena. Kisha simu ikasema, “Yvonne, inavuta?” na Yvonne mwenyewe akajibu mle chumbani, “Hata kidogo. Hizi nitazeeka nazo.”

Ndinda alitoka mbio akitapika. Nilimsikia huko nje akilia, na hakurudi.

Sikumlaumu wakati huo. Namlaumu sasa. Wakati huo nilikuwa nasuka. Nilisuka sijawahi kusuka hivyo, vidole vikawaka moto, shingo ikakauka, na jicho langu halikutoka kwenye lile boksi lililo mbele yangu. Mutiso alinisaidia kumgeuza upande wa pili. Safu ikaisha, nikapanda nyingine. Zilikuwa zinatoka safi, mama yake amesogea kichwani, akiziinua moja moja na kuziangalia. Video ilikuwa ikiisha inajianzisha yenyewe upya. Mara moja, kwa mazoea, mdomo wangu ukauliza, “Inavuta?”

“Haivuti,” Mama Yvonne akajibu. “Endelea, mwanangu.”

Nilikuwa nimefika juu ya masikio dereva alipogonga mlango.

“Mama, ni saa tano. Kaburi limechimbwa, watu wanangoja, na barabara ni ndefu. Jua likizama hatuziki.”

“Ngoja kidogo,” nikamwambia. “Nusu imebaki.”

“Nusu ni masaa mangapi?”

Jibu lilikuwa masaa matatu mengine, kwa hivyo nikashika boksi lingine.

Mutiso akamlaza chali ndani ya sanduku, kichwa juu ya mto mweupe. Hapo ndipo nilipoona tulichofanya. Sanduku lina kioo juu, cha kuonyesha uso. Ukichungulia pale unaona paji la uso, utosi, na nywele za mbele, na hizo zote zilikuwa wazi, zimesimama, hazijaguswa hata na kitana. Kazi yote tuliyoifanya ilikuwa kisogoni, imelaliwa kwenye mto. Mteja aliye hai utaanza naye nyuma, kwa sababu atainuka aende. Huyu tungeanza naye mbele. Mtoto mdogo angejua hivyo. Mimi nimesuka miaka kumi na moja na sikujua.

“Mama, nisamehe,” nikasema. “Tungeanza mbele.”

Alimwangalia mtoto wake kupitia kile kioo. Dereva akakohoa. Kisha Mama Yvonne akafungua kitambaa cheusi kichwani mwake mwenyewe, akamwomba Mutiso ainue kifuniko. Alimfunga Yvonne vizuri, kuanzia kwenye paji la uso kurudi nyuma, akaficha nywele zote zilizo wazi. Vidole vyake vikateremka chini ya shingo, vikazigusa zile nilizosuka, vikakaa hapo.

“Hizi za nyuma zimeshika sawa?”

“Zimeshika, mama. Hazitafumuka.”

“Basi atazilalia,” akasema.

Wakafunga sanduku, wakalibeba. Kichwa cha mama yake kilikuwa wazi, na mvi zake zilionekana kwa kila mtu aliyesimama pale nje, Ndinda akiwa mmoja wao. Simu tulikuwa tumeisahau dirishani. Nilirudi mbio kuichukua, na nilipoifikia ilikuwa inasema masaa matatu tu, bei elfu mbili.